Ubovu wa Nyumba Si Uzembe wa Wapangaji

Imeenea katika Eldoret imani kwamba nyumba za mabati na za udongo za Huruma, Kamukunji na Munyaka zimechakaa kwa sababu wanaozikalia hawajui kutunza kitu, na kwamba fleti zinazochukua nafasi yake ni dawa ya uchakavu huo. Mthamini wa ardhi aliyestaafu, mzee ambaye kazi yake yote ilikuwa kupanga bei ya ploti za mji huu, huikasirikia sana imani hiyo. Mazungumzo yanayofuata ni kati yake na binti wa chuo kikuu anayefanya utafiti kuhusu wapangaji wanaohamishwa kutoka mitaa iliyo karibu na kati ya jiji.

Binti alianza kwa kusoma dodoso lake, ambamo swali la kwanza liliwauliza wapangaji kwa nini hawazitunzi nyumba. Mzee hakumwacha amalize.

“Swali hilo limekwisha kumhukumu mtu kabla hajajibu, binti. Mpangaji wa chumba cha shilingi 2,000 haruhusiwi hata kupiga msumari bila idhini, na bati atakalolinunua litabaki kuwa mali ya mwenye ploti siku atakapoondoka. Anayeacha paa lioze ni yule mwenye faida katika kuoza kwake.”

Binti alisema kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kufaidika na kuharibika kwa mali yake mwenyewe.

“Nyumba si mali hasa,” Mzee alijibu. “Mali ni ardhi iliyo chini yake, na vitu hivyo viwili bei zake hazisafiri pamoja. Nyumba hushuka thamani kila mwaka kwa jua na mvua. Ardhi hupanda bila mwenyewe kuinua jembe, kwa sababu ya mambo yanayofanywa na wengine: hospitali ya rufaa inapopanuka, wanafunzi wanapoongezeka, barabara inapotiwa lami, na Eldoret inapopewa hadhi ya jiji, kama ilivyopewa tarehe 15 Agosti 2024.”

Jambo hili, alieleza, wataalamu wamelishughulikia kwa muda mrefu. Ruth Glass aliueleza mwaka 1964 mwenendo wa mitaa ya wafanyakazi wa London kugeuka kuwa mitaa ya wenye kipato cha juu, na mwaka 1979 Neil Smith akaeleza kiini chake kwa kile kinachoweza kuitwa pengo la kodi ya ardhi, yaani tofauti kati ya fedha ambazo ardhi inaingiza kwa matumizi yake ya sasa na zile ambazo ingeingiza kama ingetumiwa kwa namna inayolipa zaidi. Pengo likiwa dogo, mtaa hukaa ulivyo. Likipanuka vya kutosha, mtu hutokea kulifunga.

Binti aliandika, kisha akasema kwamba bado haoni uhusiano wa pengo hilo na paa linalovuja.

“Basi ifanywe hesabu, kwa kuwa watu wa mji huu hupenda kusema bei ya ardhi bila kuihesabu. Ichukuliwe ploti ya futi 50 kwa 100, yaani karibu sehemu ya nane ya ekari, yenye vyumba kumi vya mabati vya shilingi 2,000 kila kimoja. Hizo ni 20,000 kwa mwezi, na zikiondolewa 2,000 za gharama ndogo ndogo, mwenye ploti hubaki na 18,000. Hapo hapo panaweza kusimama fleti ya bedsita 32. Ichukuliwe kwamba kurudisha fedha za ujenzi na kuliendesha jengo kunahitaji 160,000 kila mwezi. Bedsita ikikodishwa kwa 5,000, jengo zima linaingiza kiasi gani?”

“Shilingi 160,000.”

“Na ardhi inabakiwa na nini?”

“Sufuri. Hakuna atakayejenga.”

“Vyema. Sasa lami ifike, mataa ya barabarani yawekwe, bedsita ipande mpaka 6,500. Jengo linaingiza 208,000, na gharama ni zile zile. Ardhi inapata 48,000. Kodi ya chumba imepanda kwa asilimia 30 tu, lakini fungu la ardhi limetoka sufuri na kuyapita mapato ya vyumba kumi mara mbili na zaidi. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini umbo la hesabu ni lile lile katika kila ploti. Pengo sasa ni 48,000 kutoa 18,000, yaani 30,000 kwa mwezi, na mnunuzi anayepita mtaani analiona pengo hilo wazi kabisa. Havioni vyumba, hauoni mlango uliopakwa rangi, wala hatalipa hata shilingi kwa ajili ya paa jipya, kwa sababu atalibomoa.”

Binti alikiri kwamba sasa anaona kwa nini ploti huuzwa, ila si kwa nini nyumba huachwa ioze miaka kadhaa kabla ya kuuzwa. Mzee alionyesha dalili za kuchoka, lakini hesabu hii ndiyo aipendayo kuliko zote, naye aliirudia kwa upande mwingine.

“Kubadilisha mabati ya vyumba kumi kunagharimu, kwa mfano, 120,000. Mwenye ploti akiongeza kodi kwa 300 kila chumba, atapata 3,000 zaidi kwa mwezi, na fedha yake itarudi baada ya miezi 40. Lakini akitarajia kuuza baada ya miezi 24, atakuwa amerudishiwa 72,000 pekee, na 48,000 zitakuwa zimepotea pamoja na mabati yenyewe. Kwa hiyo hatengenezi. Kadiri bei ya ardhi inavyotarajiwa kupanda mapema, ndivyo matengenezo yanavyokoma mapema. Uchakavu katika mtaa wa aina hii ni dalili kwamba ardhi imepanda, na watu wanausoma kama dalili kwamba mtaa umeshuka. Nyumba hizo ni ng’ombe anayekamuliwa bila kulishwa, kwa kuwa anayemkamua amekwisha kupatana na mchinjaji.”

Hapo Mzee aliacha hesabu na kuzungumzia dhambi ya kupokea kodi ya mtu kila tarehe tano ya mwezi huku watoto wake wakilala upande mmoja wa chumba kwa sababu upande mwingine unavuja. Alisema kwamba wazee wa zamani walimwonea haya mtu aliyekula jasho la mgeni bila kumpa hata kivuli, na kwamba siku hizi mtu huyo huyo huitwa mwekezaji na kuketishwa mbele katika harambee. Binti alisubiri, kisha akauliza jinsi ya kutofautisha nyumba iliyozeeka kwa umaskini wa mwenyewe na ile inayoachwa kwa hesabu.

Mzee alisema kiangaliwe choo kwanza. Katika ploti yenye choo cha shimo, mwenye nyumba maskini huchelewa kulipia gari la kunyonya maji taka, lakini hatimaye hulileta, kwa sababu vyumba vikihamwa hana kitu kingine. Anayengojea kuuza huacha shimo lijae hadi wapangaji wachange wenyewe. Chumba kikibaki wazi, hakitafutii mpangaji, au humpa mtu kwa sharti la kutoka akiambiwa. Dipoziti haichukuliwi tena, kwa kuwa italazimu kurudishwa, na risiti nazo hukoma. Mwishoni wapima ardhi huonekana wakitafuta bikoni za mipaka, wakati ambapo msimamizi wa nyumba angali akiwaambia wapangaji kwamba hakuna linaloendelea.

Binti aliona amepata pa kusimama. Alisema kwamba, ikiwa vyumba kumi vimezaa bedsita 32, makazi ya jiji yameongezeka, na wingi wa nyumba hushusha kodi.

“Hushusha kodi ya bedsita, na si jambo la kudharauliwa kwa nesi kijana au mwanafunzi,” Mzee alikubali. “Lakini katika hizo 32, ngapi ni za shilingi 2,000? Hakuna hata moja. Mama anayeuza mboga sokoni hushindania vyumba vya mabati vilivyobaki, ambavyo vinapungua, na hivyo navyo hupanda. Mwishowe huenda Maili Nne au Kapseret kutafuta cha 1,500. Ameokoa 500. Nauli ikiwa 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 2,600. Alikuwa akitembea kwa miguu kwenda sokoni, na faida hiyo ya kutembea ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya thamani ya chumba chake. Hakuna tingatinga lililomfukuza wala askari. Ndiyo maana hahesabiwi na mtu.”

Aliongeza kwamba pengo haliwi na nguvu kila mahali. Langas, iliyotokana na shamba la mlowezi na kukatwa vipande vipande, ilikaa miongo mingi wenye ploti wakiwa hawana hatimiliki, na pasipo hatimiliki benki haikopeshi na mnunuzi mwenye fedha nyingi huogopa. Mgogoro uliowaudhi wenye ploti uliwakinga wapangaji wao bila mtu kukusudia, na kila hatimiliki inayotolewa huiondoa kinga hiyo. Vivyo hivyo mradi wa serikali wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, KISIP, uliozinduliwa mwaka 2011 na kuihusisha Eldoret, ulilenga barabara, maji na mataa. Mambo hayo ni mema, lakini thamani yake huingia katika ardhi, na ardhi si ya mpangaji.

Binti aliuliza kama sheria haimlindi. Mzee alijibu kwa haraka kwamba Sura ya 296 hudhibiti kodi ya makazi yasiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi na kuna baraza la kusikiliza mashauri hayo, ila kiwango hicho hakipandi pamoja na bei, na chumba kikishavuka mpaka huo hutoka nje ya kinga.

Kilichomvutia Mzee zaidi kuliko sheria hiyo ni mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi walichagua kuimiliki ardhi kwa pamoja kupitia amana ya jamii, kila mmoja akimiliki nyumba yake peke yake. Mtu akiondoka huuza nyumba, hauzi ardhi, na kwa hiyo hakuna wa kuvuna pengo.

“Basi Kamukunji nako wafanye hivyo,” binti alisema.

“Kwa fedha za nani? Katika hesabu ile, ardhi iliyokuwa haina kitu kwa mjenzi wakati bedsita ni 5,000 ilidai 48,000 kwa mwezi baada ya lami. Mwenye ploti hangoji lami ikauke. Hupandisha bei siku tangazo la zabuni linapotoka. Wapangaji, au kaunti kwa niaba yao, wangepaswa kununua kabla ya tangazo hilo. Dodoso lianzie hapo, binti: liulize kila ploti ni ya nani, ilinunuliwa lini, na barabara ilitangazwa lini.”