Kuwasha Mota kwa Zamu Pale Jenereta Inapobeba Mzigo

Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha umeme Februari 2024, wenye mashamba, hosteli na karakana wengi walinunua jenereta. Umeme ukikatika leo, iwe kwa matengenezo au kwa hitilafu ya laini, jenereta hizo bado zinategemewa. Lalamiko tunalolisikia mara nyingi kuzihusu ni moja: mteja amejumlisha vifaa vyake vyote, amenunua jenereta inayotosha jumla hiyo, na bado siku ya kwanza injini inaguna, taa zinafifia, swichi kuu inajikata. Wengi huhitimisha kwamba wameuziwa jenereta ndogo. Huenda ni kweli, lakini kabla ya kununua nyingine kubwa zaidi ni vyema kuelewa jinsi mota inavyoanza kazi.

Mota ya umeme ikiwa imesimama haina nguvu ya ndani ya kuuzuia mkondo unaoingia. Ikiunganishwa moja kwa moja kwenye umeme, kwa sekunde chache za mwanzo huvuta mkondo takribani mara sita ya ule inaouvuta ikishashika mwendo. Laini ya TANESCO, yenye mitambo mingi nyuma yake, hustahimili mshtuko huo na mteja asiutambue. Jenereta iko peke yake. Mkondo wa kuanzia unapozidi uwezo wake, volteji huporomoka, na kuporomoka huko ndiko kunakoleta madhara yote mengine.

Tuchukue mfano wa shamba la kuku la Mapinga, Wilaya ya Bagamoyo, lenye umeme wa fezi tatu wa volti 400 na jenereta ya kVA 45. Jenereta hiyo hutoa ampea 65 kwa kila fezi. Shamba lina mashine za kutotolesha vifaranga pamoja na taa, ambazo kwa jumla huvuta ampea 9. Lina feni nne za banda, kila moja ikivuta ampea 2.5, yaani 10 kwa zote. Lina pampu ya kisima kirefu ya ampea 15, kompresa ya chumba cha baridi ya ampea 11, na kinu cha kusaga chakula cha kuku cha ampea 22. Ukijumlisha unapata ampea 67, ziada ya ampea mbili tu juu ya uwezo wa jenereta. Mwenye shamba anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo.

Sasa tuhesabu mkondo wa kuanzia. Pampu ikianza huvuta kama ampea 90, kompresa 66, kinu 132, na feni nne kwa pamoja 60. Umeme ukikatika huku swichi zote zikiwa zimewashwa, jenereta itakapoanza kusambaza umeme itakabidhiwa mizigo yote kwa dakika ileile: ampea 357, zaidi ya mara tano ya uwezo wake. Kwa alternata ya kawaida ya ukubwa huu, tunakadiria kwamba volteji itaanguka kwa takribani nusu.

Hapo kinaingia kifaa ambacho wateja wengi hawakifahamu, nacho ni kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoiunganisha mota na umeme. Viwango vya kimataifa vinaitaka kontakta ijifunge vizuri umeme ukiwa angalau asilimia 85 ya ule wa kawaida, na vinairuhusu iachie umeme unaposhuka chini ya asilimia 75. Volteji ikiwa nusu, kontakta hujifunga, hulegea, hujifunga tena. Mlio wa haraka wa ta-ta-ta unaosikika ndani ya boksi la umeme ndio huo. Kila mlio ni cheche inayounguza ncha zake, na kila mota inayounganishwa upya huanza safari yake tena kwa ampea mara sita.

Dawa yake ni kuamua mambo mawili mapema: nani aanze kwanza, na nani asianze kabisa mwenzake akiwa kazini. Mafundi wengi hufundishwa kuanza na mota kubwa kuliko zote, wakati jenereta bado haina mzigo. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini hatuioni kuwa sheria. Katika shamba letu feni ni ndogo, na banda lililojaa kuku kwenye joto la pwani haliwezi kusubiri. Kuziwasha feni kabla ya pampu kunaongeza ampea 10 tu juu ya mzigo ambao pampu itaukuta. Kwa hiyo kinachohitajika haraka kitangulie.

Mpangilio unaofaa ni huu. Umeme ukikatika, jenereta isubiri sekunde tano hivi ili isiamshwe na kukatika kwa kupepesa macho. Injini ikishawaka ipewe sekunde kumi itulie kwenye mwendo wake, kisha chenjiova ihamishe umeme, nazo mashine za vifaranga na taa zipate ampea zao 9. Sekunde tano baadaye zianze feni mbili, na baada ya sekunde tano nyingine mbili zilizobaki. Sasa jenereta ina ampea 19. Kama tangi linahitaji maji, pampu ianze: kwa sekunde chache mzigo utafika takribani ampea 109, volteji itashuka kwa kama moja ya tano, kisha itarudi. Kontakta zitashikilia, ingawa nafasi iliyobaki si kubwa.

Kompresa ina tabia yake. Ikizimika ghafla, gesi hubaki na shinikizo kubwa upande mmoja, na ikiwashwa kabla shinikizo halijalingana hukwama huku ikivuta mkondo wa kuanzia bila kuzunguka. Ipewe mapumziko ya dakika tatu hadi tano, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Chumba cha baridi kilichofungwa vizuri hakiharibikiwi kwa dakika hizo. Tumesikia kompresa zikiungua ndani ya wiki chache baada ya jenereta mpya kufungwa, lawama zikaiendea jenereta, kumbe kilichokosekana ni taima moja ya bei nafuu.

Kinu ndicho kinachobaki nje. Pampu, kompresa, feni na mashine za vifaranga zikiwa kazini, mzigo ni ampea 45; ukiongeza kinu unarudi kwenye 67. Pampu ikizimwa, kinu kinaingia na mzigo unakuwa ampea 52, ambazo jenereta inazibeba bila shida. Kwa hiyo fundi afunge nyaya kwa namna ambayo pampu na kinu haviwezi kuwa kazini pamoja wakati wa jenereta, na kinu kisijiwashe chenyewe: mtu abonyeze kitufe. Aidha, kinu kifungiwe kiwashio cha sta-delta, ambacho hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi, kutoka ampea 132 hadi 44. Nguvu ya kuzungusha nayo hupungua hadi theluthi, hivyo kinu kianze kikiwa kitupu, mahindi yamiminwe baadaye.

Wengi huishia hapo, wakaridhika kwa sababu siku ya majaribio kila kitu kiliwaka kwa zamu. Kasoro hujitokeza saa mbili baadaye. Pampu huwashwa na boya la tangi na kompresa huwashwa na thamostati, na vifaa hivyo viwili havijuani. Ikitokea vyote vimeita kwa sekunde moja, ampea 90 na 66 zinafika pamoja, volteji inashuka kwa karibu theluthi, na kontakta zinaanza kuachia. Taima zinazopanga zamu pale tu umeme unaporudi haziwezi kuzuia jambo hilo. Kinachotakiwa ni ruhusa: boya au thamostati iombe, na kidhibiti kitoe ruhusa kwa mota moja tu, kisubiri ishike mwendo, ndipo kiiruhusu inayofuata. Unapozungumza na fundi, muulize swali hili waziwazi: pampu na kompresa zikiita pamoja saa sita usiku, nini kitatokea? Akijibu kwamba haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

Kuna pia nyakati ambapo injini inalemewa polepole, labda kwa sababu kichujio cha mafuta kimeanza kuziba au mtu amechomeka pasi. Kidhibiti kizuri huangalia mambo mawili. Mkondo ukizidi ampea 60 kwa sekunde kumi, kinakata kinu. Mwendo wa injini ukishuka hadi umeme uwe chini ya mizunguko 48 kwa sekunde badala ya 50, kinakata kinu na kompresa bila kusubiri, kwa kuwa injini inayolemewa inaweza kuzimika na kuyaacha hata mayai bila joto. Kilichokatwa kisirudi mara mzigo unapopungua. Kisubiri hadi mzigo ukae chini ya ampea 40 kwa dakika tano. Bila hivyo kinu kitakatwa na kurudishwa mara kadhaa kwa saa.

Umeme wa TANESCO ukirejea, zamu ileile ifuatwe, kwani jirani zako wote nao wanaanza kwa wakati mmoja na laini huwa dhaifu kwa dakika za mwanzo. Subiri dakika tano kabla ya kuiacha jenereta. Chenjiova lazima iwe ya aina isiyoweza kuunganisha vyanzo viwili kwa pamoja, la sivyo umeme wako utapanda kwenye nguzo na kumkuta fundi wa laini aliyeamini kwamba waya hauna umeme. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe.

Kwa mteja mkubwa ambaye ankara yake hutozwa pia kwa kilele cha kVA, mpangilio huu una faida ya pili, lakini aielewe vizuri. Mita hupima wastani wa kipindi cha dakika kadhaa, kwa hiyo mshtuko wa sekunde chache hauathiri sana ankara. Kinachoipandisha ni kinu na pampu kufanya kazi pamoja kwa nusu saa. Kizuizi cha kutoviwasha pamoja kikiachwa hata wakati wa umeme wa TANESCO, kitapunguza kilele hicho.

Kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho, kata swichi kuu mchana, shamba likiwa kazini, na simameni wote mbele ya boksi. Fundi ashike mita ya kubana waya yenye uwezo wa kunasa mkondo wa kuanzia, naye aandike ampea za kila hatua. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi. Rudieni zoezi kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu upepo wa chumvi wa pwani hii hula ncha za kontakta, na ncha zilizoungua huweza kugandana. Kontakta iliyoganda huiacha mota kwenye umeme hata pale taima inapodai kuwa imezima. Dalili yake ni rahisi: katika hatua ya kwanza, ambapo mita inapaswa kusoma ampea 9, itaruka kwanza hadi karibu 100, kisha itatulia kwenye 24.