Kupatana Bei na Masharti ya Malipo kwa Barua Pepe na Muuzaji Mpya wa Nje

Mnunuzi anayeagiza bidhaa nje ya nchi kwa mara ya kwanza mara nyingi hukazania bei na kusahau swali zito zaidi: fedha zitamtoka lini? Punguzo halimfai aliyekwisha kulipa zote kabla mzigo haujakaguliwa.

Tuchukue mfano. Mwenye duka wa Morogoro anataka taa 400 za sola kutoka kwa muuzaji wa Yiwu, China. Muuzaji anataja dola 9 kwa kila taa, FOB Ningbo, na anataka malipo yote kwanza. FOB Ningbo maana yake ni kwamba bei hiyo inaishia mzigo unapopakiwa melini katika bandari ya Ningbo. Nauli ya meli, bima na ushuru ni juu ya mnunuzi.

Mnunuzi anajibu hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunijibu upesi. Taa zenu zimenipendeza. Naomba bei iwe dola 8.20. Kwa kuwa hii ni biashara yetu ya kwanza, nitalipa asilimia 30 ya kuanzia, na asilimia 70 baada ya mkaguzi wangu kuziangalia taa, kabla hazijapakiwa. Mzigo ukiwa mzuri, natarajia kuagiza tena. Naomba jibu kufikia Ijumaa."

Shukrani imetangulia, ombi likafuata kwa tarakimu bayana. Hakuna tuhuma wala kubembeleza. Sharti la malipo limejengwa juu ya ugeni wa biashara, wala si juu ya shaka kuhusu uaminifu wa mtu.

Muuzaji anajibu: dola 8.50, taa zikiwa 500, ila malipo yote kwanza. Hapa mnunuzi alegeze palipo na nafasi, akaze palipo na hatari. Akiwa na uwezo wa kuziuza taa 500, aikubali idadi na bei, kisha aandike: "Nimekubali taa 500 kwa dola 8.50. Kuhusu malipo, naomba radhi, sitaweza kuvuka asilimia 30 kabla ya ukaguzi." Jumla ni dola 4,250: atatanguliza 1,275 na kubakiza 2,975. Muuzaji akikataa katakata, ni heri kutafuta mwingine.

Mkikubaliana, omba ankara ya awali yenye aina ya taa, idadi, bei, tarehe ya kupakia na masharti ya malipo kama mlivyoandikiana. Usilipe kabla ya kuilinganisha na barua zenu.

Tahadhari ya mwisho: ukipata barua pepe isemayo kwamba akaunti ya benki imebadilika, usilipe. Huenda mhalifu ameingilia mawasiliano yenu. Mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo katika barua hiyo, umuulize mwenyewe.