Je, Andiko Linasema Hivyo? Kukagua Madai ya Insha Kabla ya Kuikabidhi

Wanafunzi wa historia ni wachache wanaozua mambo katika insha zao. Kosa linalowaponza wengi ni kuandika jambo la kweli, walilolisikia darasani au nyumbani, kisha kulibandika kwenye andiko ambalo halikulisema. Mwalimu ameweka Azimio la Arusha kwenye ukurasa wa kozi na kuagiza insha itokane nalo. Mwanafunzi anaandika kwa kujiamini, kwa sababu Azimio ni jina alilolisikia tangu shule ya msingi. Hapo ndipo hatari ilipo: kadiri unavyolijua jambo, ndivyo unavyosahau kuangalia ulikolitoa.

Tuchukue aya ya mfano, inayofanana na nyingi zinazokabidhiwa:

«Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha mabenki na kuwaamuru wakulima wahamie vijiji vya Ujamaa. Lilikataa misaada ya kigeni kwa kuwa ilihatarisha uhuru wa nchi. Lilitambua kuwa wanawake wa Tanzania hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, na likapiga marufuku nyumba za kupangisha.»

Ni sentensi tatu, ila madai ndani yake ni sita, na kazi ya kwanza ni kuyatenganisha. Sentensi moja inaweza kubeba dai lenye ushahidi na jingine lisilo nao, na viunganishi kama «na» au «kwa kuwa» huyaficha yote mawili chini ya rejeo moja. Andika kila dai kwenye mstari wake. Pembeni acha nafasi ya ukurasa na aya ya andiko, na nafasi nyingine ya uamuzi wako: limo, limo kwa sehemu, halimo, au andiko linasema kinyume.

Kabla ya kutafuta, lijue faili lenyewe. Andiko likiwa limepigwa picha tu, kompyuta haisomi maneno yake, na Ctrl+F itakujibu kuwa hakuna kitu hata pale kitu kilipo. Jaribu kwanza neno unaloliona kwa macho kwenye ukurasa. Lisipopatikana, itabidi usome kwa macho mwanzo hadi mwisho. Faili likikubali kutafutwa, usiandike neno zima, maana Kiswahili hubadili vichwa na mikia ya maneno. Andika kiini chake. «Taifish» italeta kutaifisha, lilitaifishwa na utaifishaji kwa pamoja. «Saada» italeta msaada na misaada, ingawa «kusaidia» utaitafuta peke yake.

Sasa turudi kwenye aya yetu, tuanze na mabenki. Azimio linataka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi kupitia serikali na vyama vyao vya ushirika, na mabenki yamo katika orodha ya njia hizo. Linaitaka serikali ichukue hatua zaidi za kutekeleza siasa ya ujamaa. Lakini kutaka si kutenda. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na serikali ikatangaza kuyataifisha mabenki kesho yake. Andiko haliwezi kuwa ushahidi wa tukio lililokuja baada yake, kwa hiyo dai limo kwa sehemu tu. Kinachobaki, yaani tendo lenyewe la kutaifisha, kinahitaji chanzo kingine.

Dai la vijiji ndilo linalowanasa wengi, na nataka tulikalie. Mwanafunzi akitafuta «vijiji» atalipata neno hilo mara kadhaa, ataridhika na kuendelea. Asome aya zenyewe. Azimio linazungumzia vijiji kwa sababu wakulima ndio wanaoishi huko: jasho lao ndilo linaloleta fedha za kigeni, na mijini ndiko sehemu kubwa ya fedha hizo inakotumika. Hakuna mahali wakulima wanapoamriwa kuhama. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilielezwa katika andiko jingine la Nyerere, «Ujamaa Vijijini», lililotoka Septemba 1967, na amri ya kila mtu kuishi kijijini ilikuja mwaka 1973. Dai halimo, ingawa maneno yake yamo. Ndiyo maana ukishalipata neno, usiliwekee alama bado: soma aya iliyotangulia, aya yenyewe na inayofuata, kisha jiulize nani anafanya nini hapo.

Misaada nayo ni mfano wa andiko linalosema kinyume. Azimio linaonya kwa ukali kwamba zawadi na mikopo vinaweza kuhatarisha uhuru wa nchi, na mwanafunzi ameishia hapo. Angeendelea kusoma angekuta andiko likifafanua kwamba halisemi fedha za nje zisipokelewe wala zisitafutwe. Linapinga kuzifanya tegemeo la maendeleo. Basi sababu aliyoitaja imo, lakini ameifunga kwenye kukataa kusikokuwapo. Waandishi wanaojenga hoja hukaza upande mmoja kisha wakauwekea mpaka, na anayenukuu kabla ya kuufikia huo mpaka huwasingizia.

Katika dai la wanawake, takwimu ni sahihi, na usahihi huo ndio unaodanganya. Azimio linawazungumzia wanawake wa vijijini, na linasema wakati mwingine hufikia saa hizo 12 au 14. Mwanafunzi ameangusha maneno mawili, «vijijini» na «wakati mwingine», na dai limepanuka kuwahusu wanawake wote siku zote. Tena sehemu hiyo hiyo inawataja baadhi ya wanawake wa mjini pamoja na wanaume wa vijijini kuwa watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Tarakimu ikilingana, usiishie kwenye tarakimu. Linganisha pia ni ya nani, wapi na mara ngapi.

Nyumba za kupangisha ni jambo la kusahihisha haraka. Katazo hilo limo katika sehemu ya tano, pamoja na kumiliki hisa katika kampuni na kupokea mishahara miwili, na linamhusu kiongozi wa TANU au wa serikali pamoja na mwenzi wake. Mwananchi wa kawaida hakukatazwa.

Dai la sita, mwaka 1967, limo bila shida. Kwa hiyo dai moja limesimama, matatu yamo kwa sehemu, moja halimo na moja limepinduliwa, katika aya ambayo kwa msomaji wa haraka haina kasoro.

Kwa kila dai lenye dosari una njia tatu: lipunguze lilingane na andiko, litafutie chanzo chake cha kweli na ukitaje, au liondoe. Aya yetu ingekuwa hivi: «Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja mabenki miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi. Lilionya kuwa kutegemea misaada ya nje kunahatarisha uhuru, bila kuikataa kabisa. Lilisema wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, na likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha.» Habari ya vijiji imeondoka; ukiitaka, ipeleke aya nyingine yenye rejeo lake.

Ukaguzi huu una mpaka wake pia. Unakuonyesha kwamba Azimio limesema, haukuonyeshi kwamba lilichosema kuhusu wanaume wa vijijini au fedha za nje kilikuwa sahihi. Swali hilo lijibu kwa vyanzo vingine. Na unapoandika, tofautisha waziwazi «Azimio linadai» na «ilikuwa hivyo», ili anayesahihisha ajue ni lipi unalolisema wewe.