Kuacha Sigara na Kupunguza Mafuta ya Mwili: Kipi Kitangulie?

Kwa kuwa nasomea ufamasia, swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, hasa baada ya swala ya Ijumaa: "Nataka kupunguza kitambi na nataka kuacha sigara. Nikiacha, si nitanenepa zaidi?"

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi juu ya watu walioacha kuvuta. Kwa wastani waliongezeka karibu kilo 4.7 katika mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu ya uzito huo ulikuja ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Lakini wastani huficha mengi. Katika watu 100, takriban 16 walipungua uzito, na 13 hivi waliongezeka zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo kunenepa sana si jambo la lazima, na ile miezi 3 ndiyo ya kuilinda.

Uzito huo unatoka wapi? Kwanza, nikotini huufanya mwili uchome nishati zaidi hata ukiwa umekaa. Kwa anayevuta kama pakiti moja kwa siku, tofauti hufika karibu kalori 200. Pili, nikotini huua njaa. Ukiiondoa, njaa iliyokuwa imefunikwa inafunuka, na mkono uliozoea kushika kitu unatafuta mandazi.

Nieleze mfano wa mwenzangu tunayeishi naye chumba kimoja hosteli, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina. Alikuwa na kilo 84, akivuta sigara 12 kwa siku. Ili apungue, alikuwa akila mlo mmoja tu, usiku. Alitaka kuacha sigara na kuendelea na mlo huo mmoja. Nilimkatalia, na sababu yangu si huruma. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 1992 lilionyesha kwamba watu waliopewa mpango wa kudhibiti uzito wakati uleule wa kuacha sigara walirudia kuvuta zaidi kuliko wasiopewa. Njaa kali na kiu ya nikotini huchochea kitu kimoja: mkono kwenda kwenye pakiti. Basi tukakubaliana kwamba miezi 3 ya kwanza lengo ni kuacha sigara na kuushikilia uzito pale ulipo. Kupunguza kutafuata.

Kabla ya siku ya kuacha, aliandika kwa siku nne kila sigara na kilichoambatana nayo. Hapo ndipo tulipoona jambo. Sigara 4 zilikwenda na chai, na 3 zilivutwa kati ya saa sita na saa tisa mchana, saa za kuua njaa ya chakula cha mchana ambacho hakuwa akila. Hizo 3 hazikuwa starehe, zilikuwa badala ya mlo. Ukiziondoa bila kurudisha mlo, ifikapo saa kumi utamkuta mtu Wandegeya na roleksi mbili na soda. Kwa hiyo mchana alianza kula sahani ya kawaida: posho kidogo, maharage mengi, na mboga ya dodo. Maharage yana protini na nyuzi, hukaa tumboni muda mrefu, na pia husaidia choo, maana wengi wanaoacha sigara hufunga choo wiki za mwanzo na kudhani ule uzito wote ni mafuta.

Halafu chai. Alikuwa akinywa vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari. Kijiko kimoja kina kama kalori 16, hivyo sukari pekee ilikuwa kalori 240. Na kuna jambo ambalo wavutaji wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuondoa kafeini mwilini. Ukiacha kuvuta, kafeini ileile inakaa muda mrefu zaidi na kiwango chake kwenye damu kinapanda. Matokeo yake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kukatika, na mtu anadhani ni arosto ya sigara. Kisha asiyelala vizuri hula zaidi kesho yake. Mwenzangu alishuka hadi vikombe 3, kijiko kimoja kila kikombe, na cha mwisho kabla ya alasiri. Zikaondoka kalori 190 hivi bila kugusa chakula. Kwa sigara zake 12, kile ambacho mwili uliacha kuchoma nilikikadiria kuwa kalori 100. Zilizobaki zilifidia sehemu ya mlo wa mchana, na nyingine alizimaliza kwa kutembea.

Kutembea kulikuwa dakika 25 kila jioni, kushuka kilima cha Makerere na kukipanda tena. Faida yake si kalori tu. Hamu ya sigara huja ghafla na aghalabu hupoa ndani ya dakika chache, na mwendo wa haraka huituliza. Njaa ya kweli huja polepole. Ukiwa na shaka, jiulize kama ungekula maharage matupu yasiyo na chochote. Ukitaka chipsi tu, hiyo ni hamu, tembea kwanza.

Alitumia pia chingamu ya nikotini, inayopatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya dawa. Huchelewesha kuongezeka uzito wakati unaitumia, na huongeza uwezekano wa kufaulu kuacha. Anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka hutumia ya miligramu 4. Wengine ya 2. Haitafunwi kama chingamu ya dukani. Tafuna taratibu mpaka usikie mwasho, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi, kwa kuwa nikotini huingia kupitia ngozi ya mdomo, si tumboni. Ukiimeza mate yake utapata kwikwi na kichefuchefu. Usinywe chai wala soda robo saa kabla yake wala ukiwa nayo mdomoni, kwani huzuia nikotini kupenya. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kwanza. Na shisha si badala ya chochote: ina nikotini na moshi, na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 imeipiga marufuku hapa Uganda.

Kuhusu saumu: hapa karibu na ikweta mfungo ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima. Funga za sunna nilimshauri aziache wiki 3 za mwanzo, kwa sababu ileile ya njaa. Anayeacha sigara ndani ya Ramadhani atumie chingamu kati ya futari na daku tu, na ajihadhari na futari yenyewe, maana sambusa na juisi ndizo zinazokuja kushika nafasi ya sigara ya kwanza ya magharibi.

Alijipima mara moja kwa wiki, Jumamosi baada ya Alfajiri kabla ya kula, pamoja na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Tulikubaliana kwamba akipanda zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki mbili mfululizo, tunarudi kwenye daftari kutafuta kilichoingia. Ilitokea mara moja, wiki ya 5, na kilikuwa karanga za kusomea usiku. Akazihamishia kwenye mlo wa mchana, kiganja kimoja. Mwisho wa mwezi wa 3 alikuwa na kilo 85.6, kiuno kilekile. Mwezi wa 4 ndipo alipopunguza chakula, kama kalori 300 kwa siku, zaidi kwa kuacha chapati ya asubuhi. Sasa ni mwezi wa 7, ana kilo 82, na hajavuta.