Je, mbio ziko katika damu ya kabila?

Swali: Wakalenjini wa Kenya hushinda mbio ndefu kila mwaka. Je, sisi Wanande wa Alimbongo hatukuumbwa kwa mbio?

Jibu: Ndugu yangu, Alimbongo iko juu ya mita 2,000, na Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, uko karibu mita 2,400. Kwenye hewa nyepesi namna hiyo mwili huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Faida hiyo mnayo ninyi na Wakalenjini pia.

Tofauti kubwa iko katika mambo yanayofuata. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alifika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, akawa kocha. Kijana wa pale hukimbia kila alfajiri pamoja na kundi, huku akimwona bingwa aliyejenga nyumba kwa mbio. Kijana wa kwenu Lubero anaogopa hata kutoka asubuhi kwa sababu ya vita.

Tena, tunahesabu washindi tu. Maelfu hufanya mazoezi Iten wasijulikane kamwe. Washindi wachache hawawezi kupima kabila zima. Kipimo cha haki kingechukua vijana kwa kura, Iten na Alimbongo, wafundishwe sawasawa miaka kadhaa, ndipo wapimwe. Urithi wa mwili humsaidia mtu mmoja mmoja, lakini ushindi peke yake hauonyeshi kwamba urithi huo umegawanywa kwa kabila.

Tena, ubingwa huhama: miaka ya 1920 Wafini ndio waliotawala mbio ndefu, na Paavo Nurmi alipata dhahabu tisa za Olimpiki. Kenya ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964.