Vyoo Vingapi Kuzunguka Kisima? Kuifikisha Mada ya Uchafuzi wa Maji kwenye Swali Linalopimika

Mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Dar es Salaam anayeandika "Uchafuzi wa maji katika Mto Msimbazi" juu ya bango la mradi wake wa mashindano ya sayansi ameshapata mada, lakini swali bado hana. Mto huo unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita kwenye viwanda na makazi yaliyobanana, kisha unaingia Bahari ya Hindi. Njiani unapokea maji ya viwandani, takataka, maji ya mashamba ya mboga na vinyesi. Akichota chupa moja Vingunguti akakuta maji machafu, kila mtu atasema alijua hivyo kabla hajachota. Jaji akimuuliza uchafu huo umetoka wapi, hatakuwa na jibu, maana vyanzo vyote vimechanganyika ndani ya chupa ile ile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuyaacha maji yenye vyanzo vingi na kutafuta maji ambayo chanzo kimoja kinaweza kutenganishwa na vingine. Kwa mazingira ya Dar es Salaam, ningemwelekeza kwenye visima vifupi vya mtaani, vile vinavyochimbwa kwa mkono na kuchotwa kwa ndoo. Mitaa mingi ina visima hivyo, na jirani yake kuna vyoo vya shimo. Tunachoshuku kinaeleweka: kinachotoka chooni kinapita ardhini mpaka kisimani.

Sasa achague uchafu mmoja tu. Wengi hukimbilia vijidudu, na ni kweli ndivyo hatari zaidi, lakini kuviotesha kunahitaji joto lisilobadilika, vifaa visivyo na vijidudu, sampuli zinazowekwa kwenye barafu na kupimwa ndani ya saa chache, na namna salama ya kuviteketeza baadaye. Shule nyingi haziwezi. Naitreti ni rahisi zaidi. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni. Bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa naitreti, nayo huyeyuka na kusafiri na maji bila kunaswa na mchanga. Hupimwa kwa vijikaratasi vya kuchovya ambavyo hubadilika rangi, kisha rangi inalinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye kopo.

Rasimu ya kwanza ya swali huwa hivi: je, kisima kilicho karibu na choo kina naitreti nyingi kuliko kilicho mbali? Linasikika vizuri. Lakini kabla ya kununua chochote, azunguke mtaa na futi kamba. Katika mitaa iliyobanana atagundua kwamba hakuna kisima cha "mbali". Kila kisima kina choo ndani ya mita 30, umbali ambao mara nyingi hushauriwa uwepo kati ya kisima na choo. Zaidi ya hapo, kisima chenye choo kimoja mita 8 kutoka hapo huenda kikawa safi kuliko kingine chenye vyoo sita vilivyo mita 15. Kuupima umbali wa choo cha karibu pekee ni kuvisahau vile vitano vingine. Matembezi haya ndiyo yanayolibadilisha swali, na ndiyo hatua ambayo wanafunzi wengi huiruka.

Swali linakuwa: "Katika mtaa huu, je, visima vifupi vyenye vyoo vingi vya shimo ndani ya mita 30 vina naitreti nyingi kuliko vyenye vyoo vichache?" Sasa kila neno lina kazi. Mtaa mmoja maana yake ni udongo unaofanana. Visima vifupi maana yake havichanganywi na visima virefu vya pampu. Idadi ya vyoo inahesabika, naitreti inapimika, na jibu linaweza kuwa hapana. Hilo la mwisho ni muhimu: swali ambalo jibu lake haliwezi kumshangaza aliyeliuliza halistahili kupimwa.

Apate visima 16 hadi 20. Aanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha aombe ruhusa kwa kila mwenye nyumba, na kwenye daftari kisima kiitwe kwa namba, si kwa jina la mtu. Sampuli zote zichukuliwe siku moja au mbili za kiangazi zinazofuatana. Nusu akizichukua kabla ya masika na nusu katikati ya mvua, atakuwa amepima mvua bila kukusudia. Kwa kila kisima aandike pia kina, kama kimejengewa ukuta wa ndani, na kama kuna mifugo, jalala au bustani yenye samadi karibu. Hivi navyo huleta naitreti, na jaji makini ataviulizia.

Vijikaratasi vina udhaifu wake. Rangi zake huenda kwa ngazi, kwa mfano 10, 25, 50, 100, kwa hiyo havitamwonyesha tofauti ya 30 na 35. Vinatosha kwa tofauti kubwa tu. Pia asome kopo vizuri: baadhi huandika naitreti yenyewe, baadhi huandika naitrojeni iliyo ndani ya naitreti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 11 hivi za naitrojeni. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kukitangaza kisima kibovu kuwa salama.

Ili avipime vijikaratasi vyenyewe, ayeyushe gramu 0.815 za potasiamu naitreti kwenye maji yaliyokenekwa mpaka ijae lita moja. Hiyo ina miligramu 500 za naitreti kwa lita. Achukue mililita 100 za mchanganyiko huo, aongeze maji yaliyokenekwa mpaka lita moja, apate 50. Kijikaratasi kisipoonyesha 50 hapo, au 11 hivi ikiwa kopo huandika naitrojeni, au kikionyesha rangi kwenye maji yaliyokenekwa matupu, huenda kopo limeharibika kwa unyevu au limepitwa na muda. Rangi zisomwe na wenzake wawili wasiojua chupa imetoka kisima gani, maana jicho linalotarajia rangi nyekundu huiona.

Matokeo ayaweke kwenye grafu, idadi ya vyoo mlalo na naitreti wima, nukta moja kwa kila kisima. Kisima chenye harufu mbaya na vyoo vingi kikionyesha karibu sifuri, asikifute. Mahali ambapo oksijeni imekwisha ardhini, naitrojeni hubaki kama amonia au bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi. Kwa hiyo naitreti ndogo si ushahidi wa maji safi, wala haisemi lolote kuhusu vijidudu. Sentensi hiyo iwepo kwenye bango lake.

Baada ya kupima, mama mwenye kisima atauliza, "Haya mwanangu, yanafaa?" Amjibu kwamba kipimo chake ni cha naitreti tu na ni cha shule. Kisima kikizidi 50, amshauri asikorogee maziwa ya unga ya mtoto mchanga kwa maji hayo, kwa sababu naitreti nyingi hupunguza uwezo wa damu ya mtoto kubeba oksijeni. Na amweleze wazi kwamba kuchemsha, ambako kunaua vijidudu, hakuondoi naitreti. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki pale pale. Majibu hayo ayapeleke pia kwa mwenyekiti wa mtaa, pamoja na ombi la maji ya kisima hicho kupimwa maabara.