Kabla begi la pili halijaingia chumbani

Tuseme ni Rehema na Baraka, wote wapangaji Dar es Salaam, Rehema Mbagala na Baraka Tabata. Kwanza Rehema aliacha mswaki kwa Baraka. Wiki chache baadaye zikafuata nguo za kazini, maana kutoka Tabata kwenda ofisini ni karibu. Kisha mtungi wa gesi. Kodi ya chumba chake ilipoisha, mwenye nyumba akataka miezi 6 mingine, 80,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mkupuo. Rehema akaona ni ujinga kulipia chumba asicholala. Akakodi bajaji, akahamisha kilichobaki. Hakuna siku waliyokaa chini wakaulizana: tunafanya nini hapa?

Mtaani hii inaitwa sogea tuishi. Zamani ilisemwa kwa aibu. Siku hizi kijana anaitaja mbele ya shangazi yake, na shangazi anauliza tu lini watapeleka barua. Kama imani yako inakukataza kuishi kinyumba bila ndoa, na unaifuata, sina la kukuongezea. Ninaandika kwa ajili ya wale ambao begi la kwanza limeshaingia.

Swali ninaloulizwa sana ni kama kuishi pamoja kwanza kunaimarisha ndoa, kwa kuwa mmeshajuana, au kunaibomoa. Utafiti ninaouona wa maana zaidi ni wa Scott Stanley na Galena Rhoades wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, nchi ambayo kufikia 2019 watu wazima wa chini ya miaka 45 waliowahi kuishi na mpenzi bila ndoa walikuwa wengi kuliko waliowahi kuoa au kuolewa. Katika ripoti yao ya 2023 waliwachunguza watu waliofunga ndoa ya kwanza kati ya 2010 na 2019. Kati ya walioanza kuishi pamoja kabla ya uchumba rasmi, ndoa 34 katika kila 100 zilikuwa zimevunjika. Kwa waliosubiri mpaka wachumbiane au waoane, zilikuwa 23.

Angalia mstari ulipochorwa. Aliyehamia baada ya kuchumbiwa amewekwa kundi moja na aliyesubiri harusi. Kwa hiyo tofauti haikuletwa na kulala chumba kimoja tu, bali na kama neno la ndoa lilikuwa limeshasemwa. Stanley na wenzake wanaeleza hivi: kuna wanaoamua na kuna wanaoteleza. Anayeteleza anaongeza mzigo wa kuondoka kabla hajaamua kukaa. Leo friji la pamoja, kesho mkopo, keshokutwa mimba. Wawili ambao wangeachana mwaka wa kwanza kama kila mmoja angekuwa na chumba chake, wanafika kanisani au kwa kadhi kwa sababu kuachana kumekuwa kugumu kuliko kuoana. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba waliohamia ili kupunguza gharama au kujaribiana waliachana zaidi kuliko waliohamia kwa kutaka tu kuwa karibu.

Wapo wanaopinga. Arielle Kuperberg, mwaka 2014, alionyesha kwamba ukiwalinganisha watu kwa umri walioanza kuishi na mwenzi, badala ya umri wa kuoana, sehemu kubwa ya hatari hiyo inatoweka. Kinachoumiza ni kuanza maisha ya nyumba moja ukiwa mdogo mno. Na Marekani si Tabata. Huko hakuna mshenga wala mahari inayolipwa kwa awamu. Mimi nachukua kutoka kwao jambo moja tu, kwa kuwa nimeliona hapa kwa macho yangu: kuteleza.

Basi kaeni kikao kabla begi la pili halijaingia. Msikifanyie kitandani, wala siku ambayo mwenye nyumba amegonga mlango. Tafuteni mchana, mahali ambapo mmoja anaweza kuinuka akarudi kwake bila kuomba nauli. Kila mmoja aseme kwanza, bila kukatizwa, kwa nini anataka mhamie pamoja. Mmoja akisema "tutaokoa kodi" na mwingine akisema "ni mwanzo wa ndoa yetu", mmeshagundua kwamba mnahamia nyumba mbili tofauti. Hilo likitokea, ahirisheni. Kodi ya miezi 6 ni nafuu kuliko miaka 6.

Jibu la "nitakuoa tu" lipimwe kwa watu na tarehe. Nani kwenu anajua jina langu? Barua ya posa inakwenda mwezi gani, na nani anaipeleka? Baraka akijibu, "Baba mdogo ataipeleka Oktoba baada ya mavuno," hilo ni jibu, kwa sababu baba mdogo anaweza kupigiwa simu. Akijibu, "Mambo yakikaa sawa," bado hajaamua. Si lazima awe mwongo, ila usihame kwa ahadi hiyo. Oktoba ikipita bila barua, uliza mara moja. Ikiahirishwa mara ya pili kwa sababu mpya kabisa, jua unateleza.

Halafu weka akiba ya kutokea. Kwa Rehema ni ile 480,000, kwenye akaunti yake mwenyewe, haiguswi kwa sofa wala kwa msiba wa ukweni. Baraka naye awe na yake. Ukiwa na pesa ya kuondoka, unakaa kwa kuwa unataka kukaa.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanadanganyana. Tanzania Bara, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, watadhaniwa wameoana kihalali. Ni dhana, na inaweza kupingwa mahakamani. Miaka 2 peke yake haitoshi. Majirani, ndugu na mjumbe wataulizwa walikuwa wakiwatambua vipi. Na kama Baraka ana ndoa ya Kikristo huko alikotoka ambayo haijavunjwa, dhana hiyo haiwezi kusimama. Kwa majirani zetu Kenya nako, Mahakama ya Juu, Januari 2023, ilikataa kutambua ndoa ya waliokaa pamoja miaka mingi, kwa kuwa mmoja wao alikuwa bado kwenye ndoa nyingine. Hata hivyo iligawa kiwanja chao, asilimia 70 kwa mmoja na 30 kwa mwingine, kwa kuangalia nani alichangia nini.

Ndiyo maana risiti ni muhimu kuliko mapenzi ya siku hiyo. Rehema akituma 300,000 za kununulia kiwanja, atume kwa simu, aandike ni za nini, asifute ujumbe. Hati ya mauziano iandikwe majina yote mawili, na wote wawili wawepo serikali ya mtaa wakati wa kusaini. Nimeona mama aliyelipa nusu ya tofali akashindwa kuonyesha hata moja, kwa sababu kila karatasi ilikuwa na jina la mwanamume.

Mlioteleza zamani, mna mwaka wa tatu na mtoto anatambaa, kikao ni kilekile na maswali ni yaleyale. Anzeni na lile la barua: mwezi gani, na nani anaipeleka.